Kaulimbiu ya Mfuko wa Mbegu, Kutoka Kiingereza hadi Mbeya na Lubumbashi

Hotuba iliyotolewa jijini Mbeya mbele ya wafasiri, watangazaji wa redio na wauzaji wa pembejeo

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wafasiri, ndugu watangazaji wa redio zetu, na ninyi wenye maduka ya pembejeo mliofunga milango mapema ili mfike hapa,

Nimeombwa nizungumzie kaulimbiu za biashara zinazojengwa kwa mchezo wa maneno, na namna ya kuzitunga upya katika Kiswahili na Kifaransa pale ambapo tafsiri ya neno kwa neno haifai. Ningeweza kuwapitisha haraka haraka kwenye kaulimbiu nyingi, lakini tungetoka hapa tumecheka tu. Kwa hiyo nitachukua moja na kukaa nayo. Ni ya kampuni ya mbegu za mahindi chotara, ambayo haina haja ya kutajwa, iliyotaka maneno ya kuandika kwenye mfuko wa kilo 2 utakaouzwa katika Nyanda za Juu Kusini, na pia ng'ambo ya mpaka, kwa njia ya Tunduma, Nakonde na Kasumbalesa, hadi Lubumbashi. Kwa Kiingereza kaulimbiu yao ilisema: "Sow Far, Sow Good".

Waingereza wana msemo wa kila siku, "so far, so good", ambao mtu huutumia akiulizwa kazi inaendaje, akitaka kusema kwamba hadi hapa alipofika mambo ni mazuri. Neno "so" hutamkwa sawasawa na "sow", ambalo maana yake ni kupanda mbegu. Mtunzi ameongeza herufi moja tu, na msemo ukabaki masikioni ulivyokuwa, ila machoni ukahamia shambani. Herufi hizohizo tatu zikitamkwa kwa sauti nyingine zinamtaja nguruwe jike, lakini huyo tumwache bandani.

Mfasiri aliyezoea mikataba na barua za ofisi atatoa "Panda mbali, panda vizuri". Kisarufi hakuna kosa. Ila mchukueni mkulima wa Mbalizi aliyenunua mfuko huo mwezi Novemba, akausoma akiwa na kamba yake ya kupimia mkononi. Kwake, "panda mbali" ni maelekezo ya nafasi. Anajua kutoka kwa bwana shamba kwamba mahindi hupandwa sentimita 75 kati ya mstari na mstari na sentimita 30 kati ya shimo na shimo, mche mmoja kila shimo, na kwamba kwa nafasi hiyo hekta moja hubeba mimea kama 44,000. Sasa mfuko wenyewe, tena kwa maandishi makubwa kuliko yote yaliyopo juu yake, unamwambia atanue. Akitanua hadi sentimita 90 kwa 50 amebaki na nusu ya mimea ile, na mavuno yakishuka atailaumu mbegu. Tafsiri hiyo imeua utani na papo hapo imezaa ushauri wa kilimo ambao hakuna mtaalamu aliyeutoa. Katika bidhaa nyingine hasara ingekuwa kaulimbiu kupooza tu. Katika pembejeo, kila sentensi iliyo kwenye mfuko husomwa kama maelekezo mpaka ithibitike kuwa si maelekezo.

Mfasiri mwingine, mwerevu zaidi, ataacha maneno na kutafuta msemo unaolingana nao. Atasema "Mpaka sasa, shwari". Hapa tumepata msemo na tumepoteza mbegu. Lakini kuna tatizo la ndani zaidi, na ningependa mlione kwa sababu linajificha katika Kiingereza chenyewe. Anayesema "mpaka sasa ni shwari" anaacha mlango wazi kwamba kesho huenda kukawa na balaa. Kwa Mwingereza msemo umechakaa kiasi kwamba hasikii tena onyo hilo, na utani wa herufi unamshughulisha. Ukiuleta msemo huo katika lugha nyingine bila utani, onyo linasikika upya. Mkulima anayeweka fedha yake ardhini mwanzoni mwa mvua na kusubiri hadi mwezi wa sita haulizi kama hadi sasa ni shwari. Anauliza mwisho wake utakuwaje. Kwa Kifaransa hali ni mbaya zaidi. Msemo unaolingana ni "Jusqu'ici, tout va bien", na Mfaransa akiusikia humjia kichwani kichekesho kinachojulikana sana cha mtu anayeanguka kutoka juu ya jengo refu, ambaye kila akipita ghorofa moja hujiambia kwamba hadi hapo mambo ni mazuri. Hakuna muuzaji wa mbegu anayetaka kuwa katika sentensi hiyo.

Basi kabla ya kutafuta neno lolote, nilirudi kwa kampuni na kuuliza wanataka mkulima afikiri nini na afanye nini. Jibu lao lilikuwa fupi: afikiri kwamba maisha yake yatasogea mbele akianza na mbegu nzuri, na aache kupanda punje alizobakiza ghalani. Hilo ndilo wazo. Kuhusu umbo, niliandika kwenye daftari kwamba kaulimbiu ya Kiingereza inachukua msemo ambao kila mtu anaujua na kuupinda kwa neno moja lenye maana mbili, ambapo maana moja ni ya shambani. Sikuandika zaidi ya hayo mawili. Neno "far" na neno "good" niliyaacha palepale. Hayakuwa mali ninayopaswa kuivusha.

Wenye chokoleti ya Mars walifanya hivyo zamani. Kwa Kiingereza walisema "A Mars a day helps you work, rest and play", yaani Mars moja kwa siku hukusaidia kufanya kazi, kupumzika na kucheza, na nguvu ya maneno hayo imo katika vina vya "day" na "play". Kwa Kifaransa walisema "Un Mars, et ça repart": Mars moja, na mambo yanaanza kwenda tena. Kazi, mapumziko na mchezo vimeondoka, siku imeondoka, na vina vya Kiingereza havipo. Kilichobaki ni sauti mbili zinazoitikiana, "Mars" na "repart", na wazo la mtu aliyechoka kupata nguvu. Mfaransa aliyekua akiisikia hawezi kuamini kwamba ilitoka mahali pengine.

Tuje kwenye Kiswahili. Kaulimbiu zetu za umma zina umbo moja tulilolizoea mno. Hapo Iringa, mwaka 1972, TANU ilitangaza "Siasa ni Kilimo", na mwaka uliofuata ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya". Jambo hili ni jambo lile: umbo hilo ni zuri na ni zito, ila mkulima akilisikia hukaa wima, kwa sababu ni sauti ya serikali. Ndiyo maana nilikataa mapema mapendekezo ya aina ya "Mbegu ni Maisha", ambayo kila kampuni ya pembejeo inayo. Mchezo wa maneno katika Kiswahili unaishi kwingine: kwenye kanga, kwenye vitendawili, kwenye methali, kwenye maandishi ya nyuma ya malori yanayopita barabara hii yetu ya Tunduma. Huko ndiko niliko kwenda kuchota.

Neno lenyewe lilikuwa limekaa mlangoni. Kupanda ni kuweka mbegu ardhini, na kupanda ni kwenda juu. Na hapa Kiswahili kina faida ambayo Kiingereza hakina. "So" na "sow" zinatofautiana kwa maandishi na kufanana kwa sauti, kwa hiyo utani unaonekana kwenye mfuko na unapotea redioni, ambapo msikilizaji husikia msemo wa kawaida tu. "Panda" na "panda" ni sawa kwa jicho na sawa kwa sikio. Hasara yake ni kwamba hakuna alama yoyote inayomwambia msomaji kuna maana mbili; lazima sentensi yenyewe imlazimishe kusikia zote mbili, moja baada ya nyingine.

Jaribio la kwanza lilikuwa "Panda upande", yaani weka mbegu ili uende juu. Ni fupi, lina mdundo, na mwenye kampuni alilipenda sana. Nililikataa. "Upande" ni jina pia, na mtu anayesoma mfuko harakaharaka dukani ataona amri ya kupanda upande mmoja wa shamba. Mkato katikati, "Panda, upande", unasaidia kwa mtu anayesoma polepole, lakini mkato kwenye mfuko wa plastiki uliokunjwa na kupangwa rafuni ni kitu kidogo mno kutegemewa.

Tukaja kwenye "Ukipanda, unapanda". Hili ni safi zaidi, na laiti ningekuwa na haraka ningeliacha hapo. Linaonyesha pia jambo ambalo nataka wafasiri vijana walishike, nalo ni kwamba katika mchezo huu nani anafanya tendo huamua maana ipi inasikika. Anayepanda akiwa ni mkulima, maana mbili zote ni njema. Anayepanda akiwa ni mbegu, kwa mfano ukisema "Mbegu yetu inapanda", kila muuzaji aliyemo humu amesikia bei. Anayepanda akiwa ni dume, na huku kuna wafugaji wengi, amempanda jike, na tangazo limekuwa kichekesho cha kilabuni. Vilevile kuna tofauti kati ya "unapanda" na "utapanda". La pili ni ahadi kwa mteja, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu manufaa ya bidhaa. Mvua zikikata mwezi Februari hakuna aliyepanda juu. Tukaiepuka "utapanda" bila mjadala mrefu.

Hata hivyo "Ukipanda, unapanda" ilikuwa na nusu tu ya umbo nililokuwa nimeliandika daftarini. Ilikuwa na neno la maana mbili, lakini haikuwa na msemo uliopindwa. Na msemo wenyewe upo, tena ni ule unaokuja wenyewe kichwani mtu akitamka "panda" kwa maana ya kwenda juu: "Mpanda ngazi hushuka". Mwanzoni niliuona kama hatari, kwa sababu kila kaulimbiu inayomwambia mkulima atapanda juu humkumbusha methali inayomwambia atashuka. Njia ya kuondoa hatari hiyo ikawa ni kuitaja methali hadharani na kuipinda: "Mpanda ngazi hushuka, mpanda mbegu hupanda". Kwenye mfuko inabaki nusu ya pili, "Mpanda mbegu hupanda", herufi 18 kwa herufi 13 za Kiingereza, na msomaji anajazia nusu ya kwanza mwenyewe. Hiyo "hu-" nayo inafanya kazi yake ya methali: inasema jambo la kawaida la dunia, haimwahidi mtu yeyote gunia.

Sasa naomba tuikague kama anavyoikagua mtu asiyetutakia mema. Soma tena: Mpanda mbegu hupanda. Mkoa wa Katavi makao yake makuu ni Mpanda. Neno la kwanza la kaulimbiu lina herufi kubwa, na wachora mifuko hupenda kuandika kila kitu kwa herufi kubwa. Mtu wa Katavi anaweza kusoma "Mpanda: mbegu hupanda", yaani kwamba huko Mpanda mbegu hupanda bei, na kusema kweli baadhi yao watakuambia ni habari sahihi. Tatizo hili halitibiwi kwa kubadilisha maneno, linatibiwa kwa kuamua mstari unakatika wapi. Mchoraji akiweka "Mpanda" juu na "mbegu hupanda" chini, tumeangamia. Akiweka "Mpanda mbegu" juu na "hupanda" chini, jicho linamshika mpandaji kwanza, kisha linaona anachopata. Nililiandika agizo hilo kwenye karatasi ya mchoraji kwa maneno yaleyale ninayowaambia hapa, kwa sababu mchoraji wa mifuko huenda asijue lugha unayompa, na yeye hukata mistari pale nafasi inapokwisha.

Redioni hatari ni nyingine. Mtangazaji akisema "Mpanda ngazi hushuka", akataja jina la kampuni, kisha akamalizia, amelifunga jina la kampuni kwenye kushuka. Msikilizaji aliyefungua redio katikati atabaki na hilo tu. Kwa hiyo tuliamua kwamba methali isomwe na sauti ya mzee, kipande cha pili kidakwe na sauti ya msichana bila kuacha pumzi ndefu katikati, na jina la kampuni lije baada ya vyote viwili. Watangazaji mliomo humu mnajua kwamba nusu sekunde ya kimya baada ya "hushuka" inatosha watu kucheka na kuhamia stesheni nyingine.

Niliacha pia mapendekezo yaliyotegemea tofauti ya "r" na "l", kama lile lililochezea "kura" na "kula" kwa kuwa ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Lugha za kwanza za wengi wetu huku hazitenganishi sauti hizo, na mchezo unaotegemea tofauti ambayo msikilizaji haisikii haupo.

Majaribio tuliyafanya madukani Mwanjelwa. Kosa la kawaida ni kumuuliza mtu kama anaipenda kaulimbiu. Mtu mstaarabu atakujibu kuwa anaipenda, na hujajua lolote. Tuliisema mara moja kwa sauti, tukazungumza mambo mengine kidogo, kisha tukamwomba mteja aseme amesikia nini, kinauzwa nini, na yeye anatakiwa afanye nini. Dalili nzuri ni mtu kuirudia ikiwa imekamilika, na bora zaidi ni mtu kuisema methali yote akiwa amepewa nusu ya pili tu. Dalili mbaya ni kuuliza bei imepanda kwa kiasi gani. Vijana kadhaa hawakuijua methali, na kwao kaulimbiu ilibaki kama "Ukipanda, unapanda", jambo ambalo bado linatosha.

Tuvuke mpaka. Kongo Kifaransa ni lugha rasmi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba. Lubumbashi mtu husoma bango kwa Kifaransa na kulizungumzia kwa Kiswahili. Kampuni ilidhani basi Kiswahili cha Mbeya kingetumika huko moja kwa moja na Kifaransa kingekuwa tafsiri yake. Yote mawili hayakuwezekana.

Anza na Kifaransa. Neno la kupanda mbegu ni "semer", na halina uhusiano wowote na kwenda juu, ambako ni "monter". Utani wa Kiswahili unafia mpakani palepale ulipofia ule wa Kiingereza. Wafaransa wana utani wao wa neno hilo: "on s'aime, on sème", tunapendana, tunapanda, ambapo "s'aime" na "sème" hutamkwa sawa kabisa. Kila mwanafunzi wa Kifaransa huugundua na kudhani ameokota dhahabu. Umeshatumika kwenye bustani, kwenye mashirika na kwenye kadi za harusi hadi umechuja, na unasema habari za mapenzi, ambazo kampuni haikuziomba. Pia unarudia udhaifu wa Kiingereza: redioni unasikika kama mtu anayesema jambo moja mara mbili.

Nikahama kutoka kwenye kitenzi kwenda kwenye jina. Punje au mbegu ni "graine", na Kifaransa kina misemo kadhaa iliyoota juu yake. Mmoja ni "prenez-en de la graine". Neno kwa neno ni "chukueni mbegu kutoka hapo", na maana yake ya kila siku ni "igeni mfano huo". Kwa muuza mbegu, hilo linaonekana limetengenezwa kwa ajili yake. Weka picha ya shamba la jirani lililostawi, andika maneno hayo chini yake, na kazi imekwisha.

Kazi haijaisha, na sababu yake iko shambani. Msemo huu kwanza una sauti ya mwalimu anayemgombeza mtoto kwa kumwonyesha kaka yake mwenye akili. Mkulima mtu mzima hapendi kusemeshwa hivyo. Hilo lingeweza kulainishwa. Lisiloweza kulainishwa ni kaneno kadogo "en", kanakoelekeza kwenye kile kilicho kwenye picha. Kama picha ni ya shamba la jirani, basi maana ya juu juu ni kwamba chukua mbegu katika shamba la jirani. Mbegu zetu ni chotara. Punje za mahindi chotara zikivunwa na kupandwa tena, kizazi cha pili hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya chotara, mimea hutoka isiyolingana kwa urefu na kwa ukubwa wa magunzi, na mavuno hupungua. Hicho ndicho kitu ambacho kampuni ililipia tangazo ili kukizuia. Msemo mzuri kuliko yote ulikuwa unamshauri mteja asinunue.

Tuliousimamia ni mwingine: "Graine de champion". Wafaransa husema hivyo wakimtaja kijana ambaye dalili za ubingwa zimeanza kuonekana kwake, kama sisi tunavyosema mtoto huyu atakuja kuwa mtu. Ni msemo unaojulikana, umebeba neno la shambani, na safari hii halikupindwa hata kidogo. Limerudishwa tu kwenye maana yake ya asili kwa kuandikwa juu ya mfuko wenye punje ndani. Herufi ni 16. Haumwamuru mtu, haumgombezi, na hautoi ushauri wa kilimo. Wazo la kuanza vizuri na kufika juu limo, ingawa safari hii anayesifiwa ni mbegu badala ya mkulima, na hilo nililiandika wazi kwa mteja kama kitu tulichopoteza. Kwenye biashara, mbegu zilizothibitishwa huitwa "semences", na neno hilo tuliliacha kwenye lebo ya kisheria, ambako "graine" isingekubalika.

Lubumbashi neno "champion" lina mwenyewe. TP Mazembe wamechukua ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015, na rangi zao ni nyeusi na nyeupe. Mfuko wa kwanza uliochorwa ulikuwa wa rangi hizohizo, kwa bahati tu. Muuzaji mmoja wa huko alipouona aliuliza mara moja kama kampuni inawafadhili Mazembe, kisha akauliza ni nani atakayewauzia mashabiki wa Lupopo, watani wao wa mjini humohumo. Mfuko ukapewa rangi ya kijani na manjano. Utunzi upya hauishii kwenye maneno, na mteja anayekupa maneno tu bila picha anakupa nusu ya kazi.

Kiswahili cha Lubumbashi nacho kina sheria zake. Mazoea huonyeshwa kwa "-ka" mwishoni mwa kitenzi, kama "anasemaka", na "hu-" yetu ya methali si ya mazungumzo ya kila siku kule. "Mtu" ni "mutu". "Mpanda mbegu hupanda" ingesikika kama mwalimu kutoka ng'ambo anasoma kitabu. Sikujaribu kuiandika kwa Kiswahili chao, kwa sababu anayeandika lahaja asiyoizungumza nyumbani huonekana anaigiza. Watu wa huko huchanganya Kifaransa ndani ya Kiswahili bila taabu, kwa hiyo tangazo la redio lilizungumzwa na mwenyeji kwa Kiswahili chake, na "Graine de champion" ikabaki Kifaransa katikati ya maneno yake, kama ambavyo angeisema sokoni.

Mteja hapokei kaulimbiu peke yake. Kwa kila lugha nilimpelekea mapendekezo matatu kwenye jedwali: maneno yenyewe, kisha maana yake neno kwa neno kwa Kiingereza ili asome kilichoandikwa, kisha maelezo ya kinachosikika na mzaha unatoka wapi, na mwisho hatari zake. Safu ya pili bila ya tatu ni balaa. Bosi akisoma tu kwamba kauli yake imekuwa "mwenye kupanda mbegu huenda juu", atauliza fedha yake imekwenda wapi. Safu ya hatari ndiyo niliyoiandika kwa urefu kuliko zote, na humo ndimo mlimokuwa na Mpanda ya Katavi, kimya cha redioni na shamba la jirani. Kazi hii pia hailipwi kwa idadi ya maneno. Maneno manne yakilipwa kwa bei ya ukurasa, mfasiri hatapata hata nauli ya daladala kwenda Uyole. Unapatana kwa saa au kwa kazi nzima, na majaribio ya madukani yanahesabiwa ndani.

Iwapo kampuni imesajili kaulimbiu kama alama ya biashara na haitaki iguswe, acha Kiingereza kilivyo, na utunge mstari wako chini yake bila kujaribu kueleza utani ulio juu.

Mwisho ni nyuma ya mfuko. Huko kuna nafasi ya kupandia, kina cha shimo, dawa iliyopakwa kwenye punje na onyo la kutozila, na huko nilitafsiri neno kwa neno, namba kwa namba, kisha nikampa bwana shamba ayasome kwa sauti mbele yangu. Onyo la dawa niliomba lipigwe chapa katika lugha zote mbili kwa herufi zisizopungua ukubwa wa kaulimbiu, na kampuni ilikubali nusu ya ukubwa huo.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Maswali ya waliotoka Tunduma nitayachukua kwanza, maana naambiwa gari lao linaondoka saa kumi.